Acha Kuupika, Njoo Uchukue Pesa Yako

Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha vibali vya aina tano za unga wa mahindi: Dola, Kifaru, Starehe, Jembe na 210 Two Ten. Vipimo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu, au aflatoksini kama wataalamu wanavyoiita, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wasagaji wakaamriwa kuuondoa sokoni unga ulioshindwa kipimo. Mwishoni mwa Januari 2020 aina nyingine 17 zikaingia kwenye orodha.

Majina yakasambaa. Ndivyo habari ya namna hii inavyosafiri: mtu anapiga picha orodha, anaituma kwenye kundi la familia, na shangazi aliye kijijini anaisoma akiwa ameshika paketi iliyoliwa nusu. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Paketi hii niliyoinunua wiki tatu zilizopita imo? Na ule wa aina hiyohiyo nilioununua jana? Nikiurudisha dukani bila risiti, muuzaji atanielewa? Na kama nimekwisha kuumimina kwenye ndoo na kutupa paketi?

Orodha ya majina haiwezi kujibu hata moja kati ya maswali hayo. Orodha ni amri ya mdhibiti kwa kiwanda, na kwa kazi hiyo inatosha. Tangazo la kumrudisha mteja dukani ni kitu kingine, na mwenye wajibu wa kuliandika ni yule aliyeuza. Linapaswa kumwambia mtu mambo mawili kwa uhakika: kipi hasa aache kutumia, na pesa yake ataipataje. Wauzaji wengi wa chakula wa ukanda huu hulichukulia la kwanza kuwa ndilo la usalama, na la pili kuwa hisani ya kulinda jina la biashara. Wanakosea. Kwa mtu ambaye ameshatoa pesa ya unga wa wiki nzima, kurudishiwa pesa ni sehemu ya usalama wenyewe. Asiyejua atakula nini kesho badala ya unga huo ataupika.

Ugumu wa kulijibu swali la kwanza unatoka kwenye sumu yenyewe. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki kwenye mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, ambayo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Kiasi kidogo hivyo hakionekani wala hakinuki. Unga wenye sumu unaweza kuwa mweupe, mkavu na mtamu kuliko ule ulio salama. Zaidi ya hapo, sumukuvu haikai sawasawa ndani ya shehena. Fangasi wanaoitengeneza hushambulia hindi hili na kuliacha lile, magunia yaliyorundikwa ukutani penye unyevu yakaota ukungu huku ya katikati yakabaki mazima. Ndiyo maana aina moja ya unga inaweza kushindwa kipimo Jumatatu na kufaulu Alhamisi, bila kiwanda kubadilisha chochote isipokuwa lori la mahindi lililoingia getini.

Hapo ndipo namba ya toleo inapopata kazi. Kila kiwanda kinachofanya kazi kwa utaratibu hugawa uzalishaji wake kwa matoleo: unga uliosagwa kwa siku moja au zamu moja hupewa namba yake, na namba hiyo hupigwa mhuri kwenye paketi karibu na tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Msagaji aliyeandika daftari lake vizuri anaweza kuanza na namba ya toleo akarudi nyuma hadi kwenye mahindi yaliyosagwa siku hiyo, kisha akaenda mbele hadi kwenye maduka ya jumla yaliyopokea mzigo. Tangazo linalotaja toleo linamwambia mteja jambo ambalo jina la unga peke yake haliwezi kumwambia.

Wakenya wengi wamezoea njia nyingine ya kukagua: kuchukua namba iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ni huduma nzuri, lakini inajibu swali jingine. Inaeleza kama bidhaa ina kibali na kibali hicho ni cha nani. Haisemi lolote kuhusu paketi iliyosagwa siku fulani. Muuzaji anayewaambia wateja wake wakague alama ya ubora, wakati tatizo liko kwenye toleo, anawapeleka mlango usio wao.

Mfano mzuri wa tangazo linalomwezesha mtu kukagua mwenyewe ulitoka Marekani, kwenye bidhaa ambayo kosa dogo tu lingeweza kugharimu maisha. Tarehe 17 Februari 2022, kampuni ya Abbott iliagiza yarudishwe maziwa ya unga ya watoto wachanga, Similac, Alimentum na EleCare, yaliyotengenezwa kwenye kiwanda chake cha Sturgis, jimbo la Michigan. Kulikuwa na malalamiko ya watoto kuugua kwa bakteria. Makopo yalikuwa mengi, yametapakaa nchi nzima na nje yake, na ndani ya kila nyumba kulikuwa na mzazi aliyehitaji jibu kabla mtoto hajalia kwa njaa.

Mzazi aliambiwa aangalie chini ya kopo na ajiulize mambo matatu. Je, tarakimu mbili za kwanza za namba zinaanzia 22 hadi 37? Je, ndani ya namba kuna K8, SH au Z2? Je, tarehe ya mwisho wa matumizi ni 1 Aprili 2022 au baada yake? Kama jibu lilikuwa ndiyo kwa yote matatu, kopo lilikuwa la kurudishwa. Likikosa moja, halimo. Tangazo lilitaja pia kisichohusika: maziwa ya maji yaliyo tayari kunyweka hayakuwemo. Mtu asiyejua lolote kuhusu viwanda angeweza kumaliza ukaguzi huo jikoni kwa dakika moja.

Hata hivyo siku 11 baadaye, tarehe 28 Februari, Abbott ilirudi na nyongeza. Kopo la Similac PM 60/40, ambalo ni la watoto wenye mahitaji maalumu ya kiafya, lenye namba 27032K80, nalo liliagizwa lirudishwe baada ya kifo cha mtoto aliyekuwa akilitumia. Itazame namba hiyo: inaanza na 27, na ndani yake kuna K8. Alama hizo mbili zilikuwemo tayari kwenye masharti ya kwanza, ila jina la bidhaa halikuwa kwenye orodha. Tangazo linalotegemea namba lina nguvu pale tu aliyeliandika anapokuwa na uhakika wa mipaka ya tatizo, na tangazo la kwanza mara nyingi si la mwisho. Ndiyo sababu kila tangazo linapaswa kuwa na tarehe na saa ya kutolewa juu kabisa, ili anayelipokea baada ya kuzungushwa mara mia kwenye simu ajue kama analo jipya au la zamani.

Njoo sasa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye soko kubwa la mahindi la mkoa wa Dodoma. Mwaka 2016 mkoa huo na jirani yake Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu: watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Tuseme msagaji wa hapo amepata majibu mabaya ya maabara kuhusu unga aliousaga siku tatu mfululizo, tarehe 3, 4 na 5 Machi. Anatumia siku ya mwaka kuwa namba ya toleo, hivyo matoleo yake ni 062, 063 na 064. Ameuza paketi za kilo 2 na viroba vya kilo 25 kwenye maduka ya jumla ya Dodoma na Morogoro. Aandike nini?

Namba za matoleo anazo, lakini hazitoshi. Paketi ya kilo 2 hufika kwa mteja ikiwa na maandishi yake. Kiroba cha kilo 25 hakifiki. Hufunguliwa dukani kwa Mangi, kikamiminwa kwenye ndoo au kuachwa wazi pembeni ya mizani, na wateja wakapimiwa nusu kilo au kilo moja kwenye mfuko wa karatasi. Ng'ambo ya mpaka, mitaani Nairobi, watu huita kadogo: unanunua kiasi cha leo kwa pesa ya leo. Mteja huyo hana paketi wala risiti, na jina la unga alilijua kwa kulisikia tu. Tangazo likisema "angalia namba ya toleo" halijamwambia chochote.

Kwa hiyo msagaji wetu lazima amtaje muuzaji aliyepima. Ana orodha ya maduka ya jumla, maduka ya jumla yana majina ya wenye maduka ya rejareja wanaochukua mzigo kwao, na mwenye duka anawajua wateja wake kwa sura kuliko kompyuta yoyote. Njia ya kumfikia mnunuzi wa nusu kilo ni karatasi iliyobandikwa juu ya ndoo ileile, yenye siku ambazo unga wa kiroba kile ulipimwa. Mwenye duka anapokuwa hakumbuki kiroba kipi kiliisha lini, kanuni inabidi iwe kali: unga wote wa kupima uliouzwa dukani hapo tangu mzigo wa kwanza ulipoingia uhesabiwe kuwa umo. Shaka ikimwelemea mteja, atakayeumia ni mtoto wake. Ikimwelemea msagaji, atapoteza pesa.

Baada ya kutaja kipi, kuna kitenzi. Matangazo mengi huandika "wateja wanashauriwa kuchukua tahadhari". Tahadhari ipi? Mama mwenye uzoefu wa jiko atajibu kwa hekima zake: atauchekecha, atauanika juani, ataupika zaidi, atauchanganya na unga mwingine. Yote hayo ni ya busara kwa wadudu na unyevu, na hayana maana kwa sumukuvu. Sumu hiyo huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na ugali unaopikwa sufuriani haufiki huko. Kuchanganya na unga salama kunapunguza kipimo kwenye sahani moja na kuongeza idadi ya sahani zenye sumu.

Kisha kuna kuku. Unga ulioharibika katika nyumba nyingi hautupwi, hupewa mifugo. Tangazo lisipotaja hilo kwa jina, litatendeka. Bata na mbwa huathirika haraka sana na sumukuvu. Ng'ombe wa maziwa akilishwa chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kikombe cha chai cha asubuhi kinarudisha mezani kile kilichoondolewa kwenye ugali. Pombe ya kienyeji nayo iko kwenye orodha ya mambo ya kukatazwa waziwazi, kwa kuwa mahindi na unga usiofaa kwa ugali mara nyingi huishia huko.

Afrika Kusini ilijifunza upande mwingine wa kitenzi hicho. Tarehe 4 Machi 2018, waziri wa afya Aaron Motsoaledi alitangaza kuwa chanzo cha mlipuko wa listeria kilikuwa nyama za kusindikwa, hasa poloni, zilizotoka kwenye kiwanda cha Enterprise mjini Polokwane. Mlipuko ule uliwafikia watu 1,060, na vifo vilivyojulikana vilikuwa 216. Listeria ni tofauti na sumukuvu: ni bakteria hai, huongezeka hata ndani ya jokofu, na huhama kutoka kipande kimoja hadi kingine kwa kisu, kwa kibao na kwa maji yanayodondoka. Kwa hiyo kusema "usile" hakutoshi. Watu walihitaji kuambiwa waitie poloni kwenye mfuko, wanawe mikono, wasafishe jokofu na kila kilichogusana nayo. Kila hatari ina kitenzi chake. Vipande vya chupa kwenye jemu havihami, sumu ya unga haifi kwa moto, na bakteria wanatembea. Muuzaji anayenakili tangazo la mwenzake bila kujua analokabiliana nalo atawapa watu maagizo yasiyofanana na hatari waliyo nayo.

Tufike kwenye pesa, maana ndipo matangazo mengi yanapopoteza sauti.

Pesa ya unga hupita mikono minne. Mteja amempa mwenye duka, mwenye duka amempa wa jumla, wa jumla amempa msagaji, na msagaji ameshanunua mahindi mengine. Tangazo linaposema "rudisha bidhaa mahali uliponunua", linamwagiza mwenye duka atoe pesa ambayo si yeye anayeishikilia. Faida yake kwenye paketi ya kilo 2 ni ndogo. Akirudisha bei ya paketi moja kwa mteja, amekula faida ya paketi nyingi. Kama hajaambiwa na mtu yeyote lini na vipi atafidiwa, atafanya ambalo kila mfanyabiashara angefanya: atasema mwenye kiwanda hajafika, rudi wiki ijayo. Mteja hatarudi wiki ijayo. Ataupika.

Msagaji mwenye akili hulipa kuanzia juu. Kabla tangazo la wateja halijatoka, wa jumla wanapata barua inayosema kwamba kila paketi wanayoipokea kutoka kwa wenye maduka itakatwa kwenye deni lao au kulipwa taslimu siku lori litakapokuja kuchukua mzigo. Wenye maduka wanapata ujumbe wenye maneno hayohayo na nyongeza kidogo kwa kila paketi kwa ajili ya usumbufu. Bila hatua hiyo, maneno "utarudishiwa pesa yako" ni ahadi ya mtu mmoja inayotakiwa kutimizwa na mfuko wa mwingine.

Jambo la pili ni ushahidi. Kudai risiti kwa unga ulionunuliwa dukani mtaani ni namna ya kukataa kulipa kwa upole. Paketi yenyewe ndiyo risiti: ina jina, ina namba ya toleo, na haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Kama imefunguliwa, ilipwe bei kamili. Mteja aliyekula robo tatu ya unga wenye sumu hana faida aliyoipata ambayo inafaa kukatwa. Zaidi ya hayo, akijua kuwa paketi iliyofunguliwa hulipwa nusu, atapiga hesabu ya ugali uliobaki ndani yake, na huenda hesabu ikamwambia aumalize.

Wauzaji huogopa udanganyifu, na hofu hiyo ina msingi. Mtu anaweza kurudisha paketi moja mara mbili, au mwenye duka akadai paketi ambazo hajazipokea. Dawa yake ni ndogo na ya zamani: paketi ikipokelewa hukatwa kona yenye namba ya toleo, kona hiyo hubandikwa kwenye daftari, na unga humiminwa kwenye gunia lililoandikwa wazi kuwa si chakula. Kona moja, malipo mara moja. Kwa unga wa kupima usio na paketi, kiwango kiwe maalumu, tuseme bei ya kilo moja kwa kila mteja anayeleta unga wake, kiasi chochote atakacholeta. Atakuwepo atakayedanganya kwa kilo moja. Gharama ya huyo ni ndogo kuliko ya anayeaminika aliyefukuzwa.

Jambo la tatu ni njia ya malipo. Pesa taslimu dukani ni bora kwa mteja, kwa sababu anaondoka na uwezo wa kununua unga mwingine palepale. Kubadilishiwa paketi nyingine ni sawa pia, mradi mteja achague mwenyewe. Wapo ambao hawatataka kuiona tena sura ya unga huo, na hawapaswi kulazimishwa. Anayelipwa kwa simu alipwe pamoja na makato ya kutolea, la sivyo Sh 4,000 hazifiki mkononi zikiwa Sh 4,000. Tangazo liseme pia kwa herufi kubwa kwamba hakuna atakayeombwa namba ya siri. Matapeli husoma matangazo haya kwa makini kuliko wateja, na simu ya "tunakurudishia pesa ya unga, tutajie PIN yako" inaweza kuanza kulia siku hiyohiyo.

Msagaji wetu wa Kibaigwa, akiyazingatia hayo, angeweza kubandika karatasi ya namna hii:

TANGAZO LA TAREHE 20 MACHI, SAA 4 ASUBUHI

ACHA KUTUMIA unga wetu wa sembe wenye namba ya toleo 062, 063 au 064. Namba iko chini ya paketi, juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni paketi za kilo 2 na viroba vya kilo 25 vilivyosagwa tarehe 3, 4 na 5 Machi. Matoleo mengine na unga wetu wa dona havihusiki.

KAMA ULIPIMIWA unga kutoka kwenye kiroba chetu tangu tarehe 6 Machi, na muuzaji hana hakika ni toleo gani, acha kuutumia.

SABABU: maabara imekuta sumukuvu kupita kiwango. Kupika, kuchekecha au kuanika hakuiondoi. Usiwape mifugo, usitengenezee pombe, usimpe jirani.

PESA YAKO: peleka unga kwenye duka lolote linalouza unga wetu. Huhitaji risiti. Paketi ya kilo 2, iwe imefunguliwa au haijafunguliwa, Sh 4,000. Kiroba, bei uliyonunulia. Unga wa kupima bila paketi, bei ya kilo moja. Chagua pesa taslimu au unga wa toleo jingine. Muuzaji atakata kona ya paketi mbele yako. Mwisho ni tarehe 30 Aprili.

KAMA UMESHAULA na hujisikii vibaya, acha kuula na endelea na chakula kingine. Ukiona macho ya njano, kutapika, maumivu ya tumbo au kuvimba miguu, nenda kituo cha afya leo na utaje kuwa ulikula unga huu.

Hatutakupigia kuomba namba ya siri.

Chini yake ingefuata namba ya simu inayopokelewa na mtu, si mashine, na jina la afisa wa kiwanda anayewajibika. Karatasi nzima inatosha ukurasa mmoja wenye herufi za kusomeka kwa mbali, na inaweza kusomwa redioni kwa chini ya dakika mbili. Angalia pia kisichokuwemo: historia ya kampuni, shukrani kwa wateja waaminifu, na maneno kwamba hatua imechukuliwa "kwa tahadhari tu". Maneno hayo ya mwisho ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu yanamwambia msomaji kwamba mwandishi mwenyewe haamini kuwa kuna tatizo.

Wapo wanasheria watakaomshauri msagaji asiandike hivyo. Kutaja sababu waziwazi, watasema, ni kukiri kosa kabla ya mahakama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila ina upande wa pili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji, haki ya kulindwa afya yake, na fidia kwa madhara ya bidhaa mbovu. Tanzania Bara, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, ambayo inaweza kuamuru bidhaa iondolewe sokoni muuzaji akitaka au asitake. Muuzaji aliyejua na kuficha ana kesi mbaya kuliko aliyejua na kusema. Karatasi iliyobandikwa dukani tarehe 20 Machi ni ushahidi kwamba siku hiyo alifanya alichoweza, na kona za paketi kwenye daftari ni ushahidi wa alichokifanya baada ya hapo.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya gharama. Kiwanda kidogo kinachosaga tani chache kwa siku kinaweza kufilisika kwa kurudisha pesa ya siku tatu. Ni kweli, na ndiyo sababu namba ya toleo ina thamani ya pesa hata kwa msagaji asiyejali afya ya mtu. Aliyeandika matoleo yake vizuri anarudisha siku tatu. Asiyeyaandika, ambaye paketi zake zina tarehe iliyofutika au mhuri mmoja wa mwezi mzima, hana namna ya kuthibitisha kuwa tatizo liliishia wapi, na anabaki na chaguo moja la haki: kurudisha kila kitu chenye jina lake. Mashine ya kupiga mhuri na daftari la kuingiza mahindi ni bei rahisi kuliko hilo.

Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugulisha watu 317 na kuwaua 125 kati yao, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wengi walikula mahindi ya shambani kwao wenyewe. Hapakuwa na muuzaji wa kurudisha pesa, wala namba ya toleo. Kilichofanya kazi ni kuwapelekea watu mahindi mengine badala ya yale yaliyoondolewa, kwa maana haikuwezekana kumwambia mkulima mwenye njaa aache chakula pekee alicho nacho bila kumpa kingine. Paketi ya kilo 2 yenye ahadi ya kurudishiwa pesa ni kanuni hiyohiyo ikiwa mjini.

Linalobaki ni tangazo la pili, ambalo karibu hakuna muuzaji anayelitoa. Tarehe 30 Aprili ikipita, msagaji anajua paketi ngapi zilitoka kiwandani kwa matoleo matatu na kona ngapi ziko kwenye daftari. Tuseme zilitoka 6,000 na zimerudi 3,800. Hizo 2,200 zimeliwa, zimetupwa, au bado ziko kwenye rafu ya duka la kijijini ambalo halijapata habari. Aseme hivyo, ataje wilaya ambazo zimerudisha kidogo, aeleze unga uliokusanywa uliteketezwa wapi na mbele ya afisa gani, na aongeze mwezi mmoja wa kurudisha pesa kwa wilaya hizo.